Dau Lipangwe Kabla Karata Hazijagawiwa

Ugomvi wa karata za nyumbani mara nyingi huanza pale ambapo mmoja ameshaliwa pesa zake, na hakuna aliyesema mapema mwisho uwe wapi. Ndiyo maana dau hupangwa wakati kila mtu bado ana akili tulivu, kabla kopa na shupaza hazijachanganywa.

Cha kujiuliza kwanza ni hiki: mtu akiliwa zote leo, kesho ataamkaje? Kwa hiyo dau lipimwe kwa mfuko wa mwenye kipato kidogo kuliko wote mezani. Na kama mmoja wenu dini yake inamkataza kamari, chezeni bila pesa. Watu wa baraza wamecheza karata miaka mingi kwa kuwania jina tu, na ladha haikupungua.

Tuchukue meza ya watu wanne. Kila mmoja anatia shilingi 5,000 kwenye kopo, naye mwenye nyumba anampa maharage 50, kila harage likiwa shilingi 100. Katika mkono mmoja hakuna anayeruhusiwa kuweka zaidi ya maharage matano. Aliyeishiwa anaweza kununua tena mara moja tu. Saa 4 usiku karata zinafungwa, maharage yanahesabiwa na kopo linagawanywa.

Hapo kila mtu anajua kwamba hawezi kupoteza zaidi ya 10,000. Mkicheza kila Ijumaa, ni 40,000 kwa Ijumaa nne. Kama fedha hizo zingetoka kwenye kodi, ada au Luku, dau hilo ni kubwa mno, lishusheni. Ongezeni masharti mawili: hakuna kucheza kwa mkopo, na hakuna kutumiana pesa kwa simu katikati ya mchezo. Mwenye nyumba naye asichukue asilimia ya kopo. Chai ichangiwe pembeni, maana akianza kufaidika na dau, hatataka mtu aondoke.

Mipaka hii hulinda mfuko, na pia humfichua aliyeanza kuzama. Mtazame anayeomba dau lipandishwe saa 4 kasoro, akiwa ameliwa, akisema, “Mkono mmoja tu, nirudishe yangu.” Tuseme mnamkubalia, anashindana na mwenzake mmoja kwa nafasi sawa, na kila akiliwa anaongeza maradufu: 500, 1,000, 2,000, 4,000, 8,000, 16,000. Akiliwa mikono sita mfululizo, ameshapoteza 31,500, na mkono wa saba unadai 32,000. Akishinda huo, faida yake yote ni 500. Watu hudhani kuliwa mara sita mfululizo ni jambo la nadra. Lakini kwa anayecheza mikono 30 kila Ijumaa, hutokea takriban mara moja katika kila Ijumaa tano au sita. Karata haikumbuki kwamba umeshaliwa, wala haina deni nawe.

Kufukuza hasara namna hiyo ni mojawapo ya dalili tisa zilizomo katika mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani uliotolewa mwaka 2013, ambao uliuweka uraibu wa kamari pamoja na uraibu wa pombe na dawa za kulevya. Dalili nne au zaidi ndani ya miezi 12 zinaashiria ugonjwa. Nyumbani zinaonekana hivi: dau la jana halimsisimui tena, akizuiwa kucheza anakuwa mkali, ameapa kuacha mara kadhaa na kurudi, anakimbilia karata akiwa na huzuni, anakopa ili kuziba pengo la kamari.

Yapo pia maswali mawili mafupi ambayo wataalamu huanza nayo. Je, umewahi kuhisi lazima uweke pesa nyingi zaidi na zaidi? Je, umewahi kuwadanganya watu wako wa karibu kuhusu kiasi unachocheza? “Ndiyo” moja tu inatosha kukufanya umwone mtaalamu. Hospitali zenye madaktari wa akili zipo, kama Muhimbili Dar es Salaam, Mirembe Dodoma na Mathari Nairobi.

Ndugu wengi humsaidia mgonjwa kwa kumlipia madeni kimyakimya. Mkononi mwake fedha hiyo hugeuka dau jipya. Afadhali mtu anayemwamini ashike mshahara wake kwa muda na kulipa kodi na ada moja kwa moja, huku naye akienda kliniki.

Basi Ijumaa ijayo andikeni kiwango chenu kwenye karatasi kabla ya kugawa. Mwenzenu akiomba kukivuka, msimcheke wala msimkubalie. Fungeni karata, kaeni naye pembeni, mumuulize hali yake.