Usanisinuru Katika Ukurasa Mmoja

Binti yetu alikuwa amenakili nusu ya sura ya usanisinuru na kuiita muhtasari. Tukamwomba afunge kitabu, achore kloroplasti moja tu katikati ya karatasi: umbo la yai, ndani yake marundo ya visahani vilivyopangwa kama sarafu, na ute ukiyazunguka.

Kisha mishale. Nuru na maji huingia katika marundo. Humo maji hupasuliwa, oksijeni ikatoka nje, hidrojeni na nishati zikavuka kuingia kwenye ute. Huko hewa ya ukaa huungana na hidrojeni hiyo, sukari ikapatikana. Chini ya mchoro akaandika: 6CO₂ + 6H₂O → C₆H₁₂O₆ + 6O₂.

Mawili ndiyo humkosesha mwanafunzi alama. Oksijeni hutokana na maji, wala si hewa ya ukaa. Basi mshale wake uanzie kwenye maji. Na ile iitwayo hatua ya giza haingoji usiku. Haihitaji nuru moja kwa moja, lakini nishati yake hutoka katika hatua ya kwanza, na jua likitua nayo husita. Binti alikuwa ameuchora mwezi kando yake. Tukampa raba.