Seli T Isiposikia Ishara ya Pili

Mwaka 1987, katika maabara za Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, Marc Jenkins na Ronald Schwartz walichukua seli za wengu wa panya wakazitibu kwa kemikali. Seli hizo zilikuwa zimekufa, ila umbo lake la nje lilibaki, na juu yake bado ziliweza kuonyesha kipande cha protini ya njiwa. Wakaziweka pamoja na seli T za panya zenye vipokezi vinavyokitambua kipande hichohicho.

Seli T zilikigusa, lakini hazikuzaana. Baadaye watafiti wakaziletea kipande kilekile kikiwa kimebebwa na seli hai, na hapo ndipo jambo la ajabu lilipojitokeza: bado hazikuitikia. Mtu angedhani zimekufa. Hazikufa, kwa sababu zilipopewa moja kwa moja interleukini-2, kemikali ambayo seli T hujitengenezea ili izaane, ziliongezeka vizuri. Zilikuwa hai, lakini zimepoa mbele ya adui yuleyule zilizoumbwa kumpiga. Hali hiyo huitwa anerjia.

Mwaka uliofuata waliongeza katika mchanganyiko huo seli hai za panya wa ukoo mwingine, ambazo zisingeweza kuonyesha kipande kile kwa namna ambayo seli T hizo zingekitambua. Safari hii seli T ziliamka. Kwangu mimi hili ndilo jaribio zuri kuliko yote katika kisa hiki. Kipande kilitoka kwa seli iliyokufa, msaada ukatoka kwa seli nyingine kabisa. Basi ishara ni mbili, na kila moja ina njia yake.

Njia ya pili hupita kwenye protini iitwayo CD28, iliyo juu ya seli T. Mwenzake ni B7, protini iliyo juu ya seli zinazoonyesha vipande, hasa seli za dendriti. Mwaka 1992 maabara ya James Allison ilionyesha kwamba kingamwili inayoichochea CD28 huweza kuizuia seli T isiingie katika anerjia.

Ndani ya seli mambo huenda hivi. Kipokezi kikishika kipande chake, madini ya kalisi hujaa ndani na kuiamsha protini NFAT, ambayo huingia kwenye kiini cha seli. Ili jeni la interleukini-2 liwashwe sawasawa, NFAT huhitaji wenzake, hasa AP-1, na CD28 ndiyo inayosaidia kuwaleta kwa wingi. Wasipofika, NFAT haikai bure. Huwasha jeni nyingine, mojawapo ikiwa ya Cbl-b, kimeng'enya kinachozima mitambo ya kupokea ishara. Kwa hiyo anerjia si usingizi tu. Seli hujifunga yenyewe, tena kwa kufanya kazi. Panya walioondolewa Cbl-b wana seli T zinazoitikia hata bila CD28, na kinga yao huwa nyepesi kuushambulia mwili wenyewe.

Hapo ndipo sababu ya utaratibu huu inapoonekana. Seli T hukomaa katika tezi ya thaimasi, na nyingi zinazoelekea kuushambulia mwili huuawa humo. Lakini baadhi huponyoka. Zikikutana na protini za mwili kwenye seli tulivu yenye B7 kidogo, hupata ishara ya kwanza pekee na kupoa. Seli ya dendriti huongeza B7 inapohisi dalili za hatari, kwa mfano kemikali za ukuta wa bakteria. Ndiyo maana protini safi ikichomwa peke yake huamsha kinga hafifu, na chanjo nyingi za namna hiyo huongezewa kichocheo.

Madaktari wa figo wameutumia ujuzi huu. Belatasepti, dawa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2011, huifunika B7 ili seli T za mgonjwa zisipate ishara ya pili dhidi ya figo aliyopandikizwa. Katika jaribio kubwa lililoilinganisha na siklosporini, wagonjwa wa belatasepti walikuwa na figo zinazochuja vizuri zaidi, na baada ya miaka 7 hatari ya kufa au kupoteza figo ilikuwa ndogo kwao kwa asilimia 43. Hata hivyo, katika mwaka wa kwanza takriban 17 kati ya kila 100 waliotumia kipimo cha kawaida walipata shambulio kali la kuikataa figo, dhidi ya 7 wa siklosporini. Mshukiwa mkuu ni seli T za kumbukumbu. Hizo zilikwisha kupigana na kitu kinachofanana na figo ile, pengine kirusi fulani, na baadhi yake hazina tena CD28. Kwao ishara ya kwanza huweza kutosha, hata B7 ikiwa imefunikwa.