Ukivuka Zaina, acha gambuti nyumbani

Jumamosi yoyote isiyo na mvua utakuta mbogi ya vijana ikiteremka kwenye maporomoko ya Zaina hapa Tetu. Simu ziko juu, chupa za maji ziko mkononi. Ukitaka kujua nani atarudi akichechemea usiangalie nyuso, angalia miguu. Mmoja ana slipa, mwingine raba nyeupe ya kupigia picha, na hakosi msee mmoja mwenye gambuti la mamake la kuchunia majani chai, akijiona ndiye amejipanga kuliko wote.

Huyo wa gambuti ndiye wa kuhurumia. Gambuti ni kiatu cha kuzuia maji, na linafanya kazi hiyo fiti kabisa mpaka maji yapite shingo yake. Yakishaingia hayana pa kutokea. Hata mguu ukiwa ndani, bado kuna nafasi ya lita moja hadi mbili. Ukiwa katikati ya mto huo uzito hausikii sana, kwa sababu maji ya ndani na ya nje yanalingana. Unausikia unapoinua mguu kupanda jiwe au ukingo: kilo moja au mbili zimening'inia kwenye kila kifundo, na soli iko kwenye jiwe lenye utelezi. Ukianguka, kulivua likiwa limejaa ni kazi ya watu wawili.

Kwa hivyo kiatu cha mto kinafuata sheria iliyo kinyume na tuliyolelewa nayo. Maji lazima yaingie. Swali ni yanatoka haraka kiasi gani, na hapo ndipo wengi wanalishwa hasara sokoni. Muuzaji anakuonyesha matundu, unaona matundu, unalipa. Lakini tundu lililo juu ya kiatu linapitisha hewa tu. Tundu la kutoa maji linakaa chini, sawasawa na pale unyayo unapokanyagia ndani. Ingiza kidole ndani ya kiatu, gusa sakafu yake, halafu angalia kwa nje tundu liko wapi. Likiwa vidole viwili juu ya hapo, umenunua bakuli la kina cha vidole viwili.

Kupima ni rahisi na hakuhitaji mto. Chovya kiatu kwenye ndoo mpaka kijae, kiinue, kiweke chini kikiwa wima. Kiatu kizuri kinamwaga karibu maji yote kabla hujahesabu kumi. Kisha kivae, tembea hatua ishirini. Kikiendelea kulia kwaka-kwaka, kuna sponji ndani inayokunywa maji. Mara nyingi ni kile kipande laini unachokanyagia, na kinabanduka. Kitoe.

Viatu vya maji vya dukani vipo, na vingine ni vizuri, lakini bei yake wengi wetu hatuiwezi kwa safari tatu kwa mwaka. Mimi natumia raba za turubai za mitumba, zile za kamba. Nyingi zina vitundu viwili vya chuma upande wa ndani wa mguu, ila vimekaa juu mno. Nilipasha moto msumari wa inchi nne kwenye jiko, nikatoboa matundu matatu kila upande, chini kabisa, juu kidogo tu ya sakafu ya ndani. Yote niliyaweka kwenye sehemu ya katikati ya kiatu, pale chini ya upinde wa unyayo. Usitoboe karibu na vidole. Pale kiatu kinakunjwa kila hatua, na tundu litageuka kuwa mpasuko kabla ya mwezi kuisha. Toboa nje ya nyumba pia, moshi wa raba ni noma.

Kamba ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Mto unavuta kiatu nyuma, na kile kisichofungwa kinaondoka. Zile kroksi za mitaani zinatoa maji vizuri sana na zinaelea, na ndiyo maana utaziona zikielea kuelekea kwa watu wengine.

Sasa mshiko. Mwaka wa 1935 Mmarekani Paul Sperry alitengeneza kiatu cha mabaharia baada ya kuona mbwa wake akikimbia kwenye barafu bila kuteleza. Alichonga mistari myembamba kwenye soli, akiiga nyayo za mbwa. Ile mistari inayapa maji pa kukimbilia, ili raba iguse sakafu yenyewe badala ya kuelea juu ya maji. Kwa hivyo tafuta soli ya raba laini yenye mikato mingi, ile inayobonyea ukiikandamiza kwa ukucha. Njumu za mpira ziache, maana meno yake yanagusa jiwe sehemu chache tu. Sandaki za plastiki zinatoa maji, lakini maji yanayoshuka kutoka Nyandarua ni baridi, na plastiki hiyo ikipoa inakuwa ngumu.

Hata raba bora ina mpaka wake, na mpaka huo ni ule ute wa kijani juu ya mawe. Kwa ute huo wavuvi wa trauti wa ng'ambo walipenda soli za manyoya yaliyoshindiliwa, mpaka New Zealand ikazipiga marufuku mwaka wa 2008 kwa sababu zilikaa na unyevu na kuweza kusafirisha mwani kutoka mto mmoja hadi mwingine. Sisi wa raba tunakanyaga katikati ya mawe, kwenye changarawe, wala si juu ya jiwe linalong'aa.

Huko chini kwenye changarawe ndiko viliko vigae vya chupa za wikendi iliyopita, nyaya za ua na visiki vya matete. Baridi inakufa ganzi miguu, kwa hiyo mtu anakatwa bila kujua, anaona damu akishafika ng'ambo. Jaribu soli hivi: weka kidole ndani ya kiatu, sukuma soli kutoka nje kwa ncha ya kalamu. Ukiisikia ile ncha, mwiba pia utapita. Hapo ndipo vile viatu vyembamba vya kitambaa kama soksi vinapofeli. Ni vya mchanga wa ufuoni. Pua ya kiatu nayo iwe imefunikwa na iwe ngumu, maana kidole gumba ndicho kinachogonga mawe kwanza.

Kiatu hakibadilishi mto, lakini. Maji yakiwa ya kahawia, mvua imenyesha huko juu hata kama Tetu kuna jua, na hapo hakuna kuvuka. Yakipita goti na yana kasi, geuka. Ukivuka, shika fimbo, elekeza uso kule maji yanakotoka, sogea kwa upande, na usiinue mguu mwingine kabla fimbo haijatulia.

Na kama una shughuli Mwea, kule Kirinyaga, usiende na kiatu chako chenye matundu ukaingia shamba la mpunga. Kule shida ni kichocho, na vijidudu vyake vinapenya ngozi ndani ya maji yenyewe, hata kama maji hayo yanaingia na kutoka haraka. Kule ndiko gambuti la mama lina kazi, mradi maji yasifike shingoni.