Kanuni Iliyofichwa Kwenye Barua Pepe: Namna Ankara ya Bukoba Inavyoishia Kulipwa kwa Mhalifu

Chama cha msingi cha ushirika kilichopo Muleba kinaagiza magunia ya kahawa kwa mfanyabiashara wa Bukoba mjini. Ankara inafika kwa barua pepe ikiwa na idadi sahihi ya magunia, kiasi sahihi cha shilingi 18,400,000 na muhuri unaofahamika. Kilichobadilika ni namba ya akaunti ya benki tu. Malipo yanafanyika, na wiki mbili baadaye mfanyabiashara anapiga simu kudai fedha zake. Muleba wana stakabadhi ya benki, Bukoba hawana fedha, na shaka inaanza kuelekezwa kwa karani wa Bukoba anayetuma ankara.

Mfano huu ni wa kubuni, lakini utapeli wenyewe unafahamika duniani. Septemba 2019, Marekani ilitangaza matokeo ya Operesheni reWired, ambapo watu 281 walikamatwa katika nchi mbalimbali, Kenya ikiwemo, kwa tuhuma za uhalifu wa aina hii. Jambo la kuelewa ni namna mhalifu alivyojua siku, kiasi na mpangilio wa ankara ambayo hakuhusika nayo.

Mara nyingi safari huanza na ukurasa wa bandia wa kuingilia kwenye barua pepe. Karani anaandika nywila yake hapo, na mhalifu anaipata. Akishaingia haibi kitu siku hiyo. Anaweka kanuni, yaani agizo linaloutaka mfumo ufanye jambo kila barua ya namna fulani inapoingia. Kanuni ya kwanza hupeleka nakala ya kila barua yenye neno “ankara”, “malipo” au “invoice” kwenye anwani ya nje. Ya pili huchukua kila barua inayotoka Muleba, huiweka alama kuwa imekwishasomwa na kuihamishia kwenye folda isiyofunguliwa na mtu, kwa mfano `RSS Feeds`. Hivyo mhasibu wa Muleba anapoandika kuuliza kwa nini akaunti imebadilika, swali lake halionekani Bukoba, na anayemjibu ni mhalifu.

Kanuni hizo huendelea kufanya kazi hata nywila ikibadilishwa. Ofisi nyingi hubadilisha nywila na kuamini kwamba mlango umefungwa, kumbe nakala za ankara zinaendelea kutoka.

Kosa la pili ni kuifuta kanuni mara inapoonekana. Kanuni yenyewe ni ushahidi: jina lake, maneno inayoyatafuta na anwani inayopelekewa barua ndiyo kamba ya kumfuata mhalifu. Inapaswa kunakiliwa kwanza. Kwa ofisi zinazotumia Microsoft 365, msimamizi wa mfumo huandika agizo lifuatalo:

```
Get-InboxRule -Mailbox KISANDUKU -IncludeHidden |
  Format-List Name,ForwardTo,RedirectTo,MoveToFolder,MarkAsRead
```

Neno `-IncludeHidden` lina uzito wake, kwa kuwa zipo kanuni zinazoweza kufichwa zisionekane kwenye skrini ya mtumiaji. Zinazoonekana nazo mara nyingi hupewa jina la nukta moja tu ili zipitiwe na jicho bila kugunduliwa. Wanaotumia Gmail huangalia sehemu mbili za mipangilio, `Filters and Blocked Addresses` na `Forwarding and POP/IMAP`. Kwa ofisi ndogo ambazo barua pepe zao zinahifadhiwa na kampuni ya tovuti kupitia cPanel, sehemu hizo ni `Forwarders` na `Email Filters`. Hapo kampuni husika iombwe mapema kuhifadhi kumbukumbu za seva, kwani kwa kawaida hazikai muda mrefu.

Hata hivyo, kutoikuta anwani ya nje si dalili ya usalama. Mipangilio ya kawaida ya Microsoft 365 siku hizi huzuia upelekaji wa barua nje kwa njia ya kanuni, na wahalifu wamelizoea hilo: huacha kanuni ya kuficha peke yake, kisha huingia wenyewe kusoma. Ofisi inayopokea taarifa ya kushindwa kutuma yenye namba `5.7.520`, bila kuwa imetuma barua yoyote, ina sababu ya kukagua kanuni zake siku hiyohiyo.

Baada ya kanuni kunakiliwa, mchunguzi hutafuta aliyeiweka. Kumbukumbu za ukaguzi huonyesha tukio liitwalo `New-InboxRule` au `UpdateInboxRules`, pamoja na muda na anwani ya mtandao iliyotumika. Ni katika kusoma muda huo ambapo mtu asiye na hatia anaweza kuumia.

Tuseme kumbukumbu inaonyesha kanuni iliwekwa `10:52`. Msomaji wa haraka ataandika saa 4:52 asubuhi, muda ambao karani wa Bukoba alikuwa peke yake ofisini. Lakini kumbukumbu hizo huandikwa kwa saa za UTC, ambazo ziko nyuma ya saa za Tanzania kwa saa tatu. Muda halisi ni 13:52, yaani saa 7:52 mchana, na stakabadhi inaonyesha kwamba dakika hiyo karani alikuwa dirishani benki. Hilo peke yake halimsafishi, kwa kuwa kanuni inaweza kuwekwa hata kwa simu, lakini linaondoa msingi wa tuhuma ya kwanza.

Anwani ya mtandao nayo isomwe kwa tahadhari. Wateja wengi wa kampuni moja ya simu huweza kutumia anwani moja kwa wakati mmoja, na mhalifu huweza kuonekana yuko nchi ambayo hajawahi kuikanyaga. Inafaa zaidi kuilinganisha na anwani za kawaida za karani kwa miezi iliyotangulia, kisha kuuliza kampuni ya simu kupitia Jeshi la Polisi.

Upande wa Muleba unahitajika pia. Barua iliyoleta akaunti mpya isipelekwe mbele kwa mchunguzi kama barua ya kawaida, kwa sababu vichwa vyake vya kiufundi hupotea. Ihifadhiwe kama faili kamili. Ndani yake, mstari wa `Authentication-Results` wenye `spf=pass` na `dkim=pass` kwa kikoa halisi cha mfanyabiashara huashiria kwamba barua ilitoka kwenye mfumo wake, na kwamba kisanduku chake ndicho kilichovamiwa. Kikoa kisomwe herufi kwa herufi, maana kikoa kinachofanana nacho kinaweza kufaulu vipimo hivyohivyo.

Fedha hazisubiri uchunguzi huu. Malipo yaliyopita TISS, mfumo wa malipo unaosimamiwa na Benki Kuu ya Tanzania, hukamilika papo hapo, na benki haiwezi kuyarudisha kwa kubadilisha tu maelekezo. Kinachowezekana ni kuomba salio lililobaki kwenye akaunti iliyopokea lizuiwe kabla halijatolewa. Hivyo simu ya kwanza ni kwa benki iliyolipa, na safari ya kwanza ni kituo cha polisi kupata namba ya RB, hata kama bado haijajulikana kisanduku cha nani kilivamiwa.

Kuingia kwenye mfumo bila idhini na udanganyifu kwa njia ya kompyuta ni makosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka huohuo inaitaka mahakama, inapoupima ushahidi wa kielektroniki, kuangalia namna ulivyotunzwa. Kwa hiyo aandikwe aliyechukua nakala, siku, saa na kifaa alichotumia.

Nakala zikishapatikana, ndipo kanuni zifutwe, vifaa vyote vilivyoingia kwenye akaunti vitolewe, nywila ibadilishwe, na namba ya simu ya kurejesha akaunti ikaguliwe, kwani mhalifu huweza kuwa ameshaweka yake. Muleba nao wapige simu Bukoba kwa namba iliyo kwenye mkataba wa zamani, si iliyoandikwa chini ya ankara mpya, na kuthibitisha akaunti kabla ya malipo yanayofuata.