Kilwa Tatu katika Ripoti Moja: Kugawana Utafiti wa Historia na Kuunganisha Sehemu Zake

Miaka kadhaa iliyopita nilisahihisha ripoti ya kikundi cha wanafunzi watano kuhusu jinsi biashara ya pwani na lugha ya Kiswahili vilivyofika kwenye ufuko wa Ziwa Mweru, upande wa Nchelenge, katika Mkoa wa Luapula nchini Zambia. Ukurasa wa 3 ulisema kuwa baadhi ya misafara ilianzia Kilwa. Ukurasa wa 9 ulisema kuwa mzee mmoja wa Nchelenge alikuwa akipanda mashua kwenda Kilwa kumtembelea dada yake. Ukurasa wa 14 ulisema kuwa samaki walivushwa kwenda Kilwa na kuuzwa huko Kongo. Msomaji asiyelijua eneo lile angedhani kuwa mzee huyo alisafiri kwa mashua hadi Bahari ya Hindi.

La kushangaza ni kwamba waandishi wote watatu walikuwa sahihi. Kilwa ya kwanza iko pwani ya Tanzania. Ya pili ni kisiwa kilichomo ndani ya Ziwa Mweru, upande wa Zambia. Ya tatu ni mji ulio kwenye ufuko wa ziwa hilohilo, upande wa Kongo. Kila mmoja aliijua Kilwa yake, wala hakuna aliyesoma ya mwenzake. Ripoti ilikuwa imebandikwa tu, haikuunganishwa.

Kulikuwa na tatizo la pili ambalo halikuonekana kwenye karatasi. Wanafunzi wawili wa kikundi hicho walikuwa wenyeji wa Luapula, nao ndio waliofanya mahojiano nyumbani wakati wa likizo. Baadaye mmoja wao alikuja ofisini kwangu akiwa na daftari mbili zilizojaa maneno ya wazee, yaliyonukuliwa kwa Kibemba na kutafsiriwa kwa Kiswahili. Katika ripoti, kazi hiyo yote ilikuwa nusu ukurasa. Alama zilikuwa sawa kwa wote watano. Sikuwa na la kumjibu, kwa sababu mgawanyo ule ulifanyika mbele yangu nami niliupitisha. Makala haya yanaeleza jinsi ninavyowaelekeza wanafunzi tangu wakati huo, kwa kutumia mada ileile.

Kugawa kwa saa, si kwa kurasa

Kikundi kile kiligawana kurasa: kila mtu kurasa nne. Mgawanyo huo unaonekana wa haki, lakini kurasa nne zinazotokana na kitabu kimoja na kurasa nne zinazotokana na mahojiano si kazi sawa. Mahojiano ya saa moja huchukua saa kadhaa kunukuliwa, na yakihitaji kutafsiriwa muda huongezeka zaidi. Kwa hiyo, kabla ya kugawa, mnukuu mmoja achukue dakika 10 za kinasa sauti, azinukuu na kuzitafsiri, kisha aangalie saa yake. Ikiwa dakika 10 zimemchukua saa moja na dakika 10, basi saa moja ya mazungumzo itamchukua saa 7. Hicho ndicho kipimo cha kikundi, nacho ni bora kuliko kukisia.

Tuchukue watu watano, wiki nne, na saa 6 kwa kila mtu kwa wiki. Kikundi kina saa 120, na kila mmoja anadaiwa saa 24. Sehemu ya karne ya 19 (misafara na wasafiri) ipewe saa 22. Mapokeo ya Walunda wa Mwata Kazembe yapewe saa 20. Biashara ya samaki na soko la Katanga katika karne ya 20 ipewe saa 22. Mahojiano manne ya dakika 45 yana saa 3 za sauti. Kwa kipimo chetu ni saa 21 za unukuzi na tafsiri, na tukiongeza saa 7 za kutafuta wazee na kuzungumza nao tunapata 28. Hakuna mtu mmoja anayeweza kubeba mzigo huo, hivyo wawili wagawane, saa 14 kila mmoja.

Jumla hiyo ni saa 92. Zinabaki 28, nazo ni za kuunganisha. Hapa ndipo vikundi vingi hukosea: hugawa saa zote kwa kukusanya, na uunganishaji huachiwa mtu mwenye kompyuta usiku wa mwisho. Katika mfano wetu kila mtu anatoa saa 2 za kusoma rasimu nzima. Msomaji wa mapokeo ana saa 2 zaidi, na atatunza daftari la majina. Wahoji wawili wanabakiwa na saa 8 kila mmoja: mmoja atakuwa mhariri, na wa pili atalinganisha kila dai la rasimu na kadi lilikotoka. Hivyo wote wanafikisha saa 24, na wahoji hawatengwi na uandishi wa ripoti. Mwisho wa wiki ya kwanza hesabu ipitiwe upya, kwani makisio ya mwanzo hayakosi kasoro.

Kugawa kwa swali, si kwa kitabu

Kosa jingine ni kumpa kila mtu kitabu chake. Katika mada hii tuna vyanzo viwili vinavyogusa mwaka uleule. Cha kwanza ni Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, aliyoyasimulia mwenyewe kwa Kiswahili katika uzee wake, yakachapishwa na Heinrich Brode mwaka 1902 na 1903. Humo anaeleza vita yake na Nsama, mtawala wa Itabwa, nchi iliyo kati ya Ziwa Mweru na Ziwa Tanganyika. Cha pili ni shajara ya David Livingstone, ambaye mwaka 1867 alicheleweshwa na vita hiyohiyo zaidi ya miezi mitatu kabla ya kuendelea hadi Mweru.

Ukimpa mwanafunzi mmoja Tippu Tip na mwingine Livingstone, ripoti itakuwa na vita viwili. Atakayesoma simulizi ya Tippu Tip atapata maelezo ya mshindi, yaliyotolewa miaka mingi baada ya tukio. Atakayesoma shajara atapata tarehe, lakini habari nyingi za vita zilimfikia Livingstone kwa kusikia. Mpe mtu mmoja vyote viwili pamoja na swali: vita ya Nsama ilifungua au ilifunga njia ya biashara kwenda Mweru? Atalazimika kuweka tarehe ya mmoja kando ya maelezo ya mwingine, na sehemu ya kazi ya kuunganisha itakuwa imekwisha kufanyika.

Kadi moja, tukio moja

Wote watano wajaze kadi za namna moja. Kila kadi ina tukio moja na mambo matano: nini kilitokea, lini, wapi, nani anasema, na alijuaje. Kadi ya shajara itasomeka hivi: Livingstone afika Ziwa Mweru, 8 Novemba 1867, Mweru, ambalo yeye anaandika Moero, Livingstone, alikuwapo mwenyewe. Kadi ya mahojiano inaweza kusomeka hivi: Wagiriki wanunua samaki kwa ajili ya Katanga, kabla ya Uhuru, mto Luapula, mzee wa pili, aliona akiwa mtoto.

Jibu la "lini" ndilo gumu zaidi kwa mhoji. Mzee akisema "zamani sana", usimbane kwa mwaka. Mwulize kwa heshima, kama mjukuu amwulizavyo bashikulu wake: je, ilikuwa kabla ya Uhuru wa Zambia wa 1964? Ilikuwa kabla ya Katanga kujitenga na Kongo, mwaka 1960 hadi 1963, au baadaye? Je, samaki waitwao mpumbu walikuwa bado wengi? Tunajua kuwa kufikia mwishoni mwa miaka ya 1940 mpumbu walikuwa wamepungua mno, hivyo jibu la mzee linaipa kadi mipaka yake. Andika mipaka hiyo, usiandike mwaka wa kubuni.

Mahali nako kuandikwe kwa ukamilifu. Hapa ndipo daftari la majina linapofanya kazi. Kikundi kinakubaliana kuandika Kilwa ya pwani, Kisiwa cha Kilwa na mji wa Kilwa (Kongo), bila kufupisha. Kazembe pia aingizwe humo, kwa sababu ni cheo kinachorithiwa. Mreno Lacerda alikwenda kwa Kazembe mwaka 1798, Gamitto mwaka 1831, na Livingstone mwaka 1867, lakini hawakumkuta mtu mmoja, na makao makuu yalihama mara kadhaa. Asiyelijua hilo ataandika kana kwamba mtawala mmoja aliishi miaka mia.

Kuunganisha

Mwanzoni mwa wiki ya nne, kadi zote zipangwe mezani kwa mfuatano wa wakati, bila kujali nani aliziandika. Mapengo yataonekana hapo hapo. Katika mada hii kadi hujaa kuzunguka mwaka 1867, kisha hujaa tena katika miaka ya soko la Katanga, na katikati huwa chache. Pengo hilo litajwe katika ripoti. Lisizibwe kwa sentensi za jumla.

Kadi zikipingana, kikundi kisipige kura. Chukua simulizi ya Nachituti. Inasemwa kuwa baada ya Mwata Kazembe kumwadhibu Nkuba aliyemwua mtoto wa Nachituti, dada yake mwenyewe, mama huyo alimpa Mwata nchi na ziwa. Imo katika kitabu cha mapokeo ya Walunda kilichotolewa kwa Kibemba mwaka 1951 kwa jina la Mwata Kazembe wa 14. Mhoji akimpata mzee wa ukoo wa wenye maji wa zamani anayesema kuwa zawadi hiyo haikuwaondolea haki ya mabwawa yao, kauli zote mbili ziingie katika aya moja, kila moja na msemaji wake. Zikibaki katika sura mbili zilizoachana, msomaji hatajua kuwa kuna mgogoro.

Baada ya hapo mhariri aandike ripoti nzima kutokana na kadi, kwa mfuatano wa maswali. Asibandike insha za wenzake. Rasimu ikisomwa, kuna dalili za kuangalia: mtu yuleyule kutambulishwa mara mbili, kila sehemu kuwa na hitimisho lake, na maneno "kama ilivyoelezwa hapo juu" ilhali hapo juu hakuna kitu. Kila dalili inaonyesha mahali ambapo kadi hazikuchanganywa.

Mwisho wa ripoti huambatishwa ukurasa mmoja wa mchango wenye jina la kila mmoja, kazi yake, saa alizokisia na saa alizotumia kweli. Siku hizi sipokei ripoti isiyo na ukurasa huo. Nikiusoma pamoja na kadi, ninaweza kumwona yule mwenye daftari mbili hata kama maneno ya wazee wake yamechukua nusu ukurasa tu.