Picha za Wafanyakazi Zioane, Kila Mtu Abaki na Rangi Yake

Kurasa za wafanyakazi kwenye tovuti nyingi za ofisi zina kasoro moja: picha hazioani. Huyu amesimama mbele ya kijivu safi, jirani yake kijivu kimekuwa samawati, wa tatu ana kola iliyogeuka manjano na uso wenye ukijanikijani. Watu ni walewale na mashati ni yaleyale. Kilichobadilika ni mwanga. Mwanga wa dirishani siku ya mawingu huvuta rangi kuelekea samawati, na taa nyingi za mirija huongeza kijani. Kamera nayo hukisia mwangaza yenyewe, ndiyo maana shati jeupe likijaza picha, uso hutoka mweusi kuliko ulivyo.

Wengi hukimbilia kurekebisha ngozi. Hapo ndipo makosa makubwa huanzia, kwa sababu ngozi ndiyo kitu pekee ambacho hakipaswi kufanana kati ya mtu na mtu. Kinachosawazishwa ni mwanga, na kipimo chake kiwe kitu kisicho na rangi.

Tuchukue ofisi iliyopiga picha zake kwa siku tatu. Siku ya kwanza walitumia flashi na karatasi ya kijivu. Siku ya pili walitumia karatasi ileile, lakini kando ya dirisha. Siku ya tatu mgeni kazini alipigwa kwa simu chini ya taa za mirija, mbele ya ukuta wa rangi ya krimu.

Fungua picha ya siku ya kwanza kwenye Camera Raw na upitishe kishale juu ya karatasi. Utaona namba tatu, za nyekundu, kijani na samawati, kuanzia 0 hadi 255. Tuseme zinasoma 198, 198, 197. Zikikaribiana hivyo, kijivu ni safi, na picha hii inakuwa kiongozi wa nyingine zote.

Karatasi ya siku ya pili inasoma 176, 184, 199: samawati imezidi. Chukua kidonezi cha White Balance, bofya kwenye karatasi, namba zitalingana. Kisha pandisha Exposure taratibu hadi zikaribie 198. Nyuso zitajirekebisha zenyewe, kwa kuwa ziliangukiwa na mwanga uleule.

Picha ya siku ya tatu ndiyo ngumu. Ukuta wa krimu una rangi yake, hivyo hauwezi kuwa kipimo. Kola nayo hudanganya: shati lililofuliwa kwa buluu huwa na usamawati kidogo, na lililochakaa huwa na umanjano. Tafuta kitu kimoja ambacho wote wamevaa, kwa mfano kitambulisho cheupe cha plastiki, na upime sehemu isiyong'aa. Kwenye picha kiongozi kinasoma 228, 228, 227. Hapa kinasoma 221, 226, 196. Sogeza Temperature kuelekea samawati na Tint kuelekea zambarau hadi namba zikaribiane, kisha rekebisha Exposure zifike 228. Baada ya hapo chagua ukuta peke yake, uondolee rangi na ulinganishe na kijivu cha wengine. Usimkate mtu na kumbandika kwenye kijivu kipya, maana ukingo wa nywele hubaki na uzi wa krimu.

Kola husahihishwa mwishoni, nayo peke yake: punguza buluu au manjano iliyobaki. Ikisoma 255 kote, nyuzi na mishono imeshapotea, na kama faili ni JPEG haitarudi.

Sasa angalia ngozi. Pima shavuni, kwa sababu paji la uso hung'aa na kuakisi taa. Ngozi ya binadamu, nyeusi au nyeupe, katika mwanga uliosahihishwa husoma nyekundu juu, kijani katikati, samawati chini. Mmoja anaweza kusoma 112, 76, 58 na mwenzake 190, 145, 120, na wote wawili wako sahihi. Samawati ikipita kijani, au kijani ikikaribia nyekundu, rudi kwenye mwanga. Usimwangaze mweusi ili afanane na mweupe.

Kuna picha zisizotengenezeka: nusu ya uso ina mwanga wa dirisha na nusu ina wa taa. Ukisahihisha upande mmoja, wa pili unaharibika. Hiyo ipigwe upya.

Hifadhi zote kwa sRGB, zipange pamoja kwa udogo uleule wa tovuti, na kabla ya kuzipandisha mwoneshe kila mwenye picha yake. Akisema amefanywa mweupe au mweusi kuliko alivyo, namba hazina la kumjibu: rekebisha.