Mambo Ambayo Kitabu cha Mashine Hakiyasemi

Fundi sanifu mkuu wa maabara ya maji anapostaafu, orodha ya makabidhiano huwa fupi: mizani, friji, spektrofotomita moja, “inafanya kazi”. Kwa mashine ya zamani, maneno hayo mawili hayamtoshi anayepokea. Anahitaji waraka mwingine unaoeleza mashine hiyo ina tabia gani, na utajuaje siku inapokudanganya.

Mfano mzuri ni Spectronic 20, iliyoingia sokoni mwaka 1953 na kuendelea kutengenezwa hadi 2011. Ni mashine ya mshale, isiyo na kompyuta. Ndani yake taa hutoa mwanga mweupe, kioo chenye mistari myembamba huutawanya kuwa rangi, na rangi moja tu hupitishwa kwenye tyubu ya sampuli. Mshale huonyesha ni asilimia ngapi ya mwanga imepita. Kupima madini ya chuma kwenye maji ya kisima, fundi huongeza fenanthrolini, maji yakageuka rangi ya chungwa iliyokolea, kisha huweka mashine kwenye nanomita 510. Chuma kikiwa kingi, mwanga mchache hupita.

Tabia ya kwanza ya kuandikwa ni ya asubuhi. Mashine ikiwashwa tu, mshale hutembea wenyewe, kwa hiyo huachwa ipate moto kwa robo saa au zaidi. Kisha, tundu la sampuli likiwa tupu na kifuniko kimefungwa, kitufe cha kushoto huzungushwa hadi mshale usimame kwenye 0. Baada ya hapo huwekwa tyubu ya blanki, yaani maji safi yenye kemikali zote isipokuwa chuma, na kitufe cha kulia huupeleka mshale kwenye 100. Kila namba ya rangi inapobadilishwa, 100 hupangwa upya. Tyubu nazo zina upande: kioo cha mviringo hakilingani kote, hivyo kila moja huwekewa alama inayotazama mbele siku zote.

Hayo kitabu cha maelekezo kinayagusa. Kinachokosekana ni historia ya taa. Taa ikiungua na nyingine ikafungwa, huenda isikae pale pale, na namba iliyo kwenye piga ikaachana na rangi inayopita kweli. Piga inasema 510, mwanga ni mwingine. Mshale hauna namna ya kulalamika. Utasimama kwenye 0 na 100 kwa utulivu ule ule.

Tuseme mrithi anachukua grafu ya viwango iliyochorwa kabla ya taa kubadilishwa. Kwa njia ya mwanga ya sentimita 1, maji yenye miligramu 1 ya chuma kwa lita hutoa ufyonzaji wa karibu 0.20, yaani asilimia 63 ya mwanga hupita. Anapima myeyusho huo anaoujua, anapata 0.18. Akiiamini grafu, ataandika miligramu 0.9, na kila kisima atakachopima kitapunjwa kwa kiasi hicho.

Hapo waraka wa mzee humwambia achukue myeyusho wa waridi wa kobalti kloridi, ambao hufyonza mwanga zaidi kwenye 510. Anausoma kuanzia 490 hadi 530, kila baada ya nanomita 5, akipanga 0 na 100 kila mara. Mshale ukishuka chini kabisa piga ikiwa kwenye 520, piga imetangulia kwa 10. Ukishuka kwenye 510, piga ni salama, na kosa litafutwe kwenye tyubu, kemikali au viwango. Kwa vyovyote grafu ya zamani huwekwa kando, mpya huchorwa, na juu yake huandikwa tarehe ya kufungwa kwa taa. Naona tarehe hiyo ina thamani kuliko kurasa nyingi za maelezo, kwa sababu grafu na taa ni vitu viwili visivyotenganishwa.

Mshale una mipaka pia. Kosa la asilimia 1 karibu na 50 huyumbisha jibu kwa takriban miligramu 0.04 kwa lita. Karibu na 3, kosa hilo hilo hufika miligramu 0.9, maana mistari ya ufyonzaji imebanana upande huo. Maji yenye chuma kingi hivyo huongezwa maji safi mara 10, hupimwa tena, na jibu huzidishwa kwa 10.

Jambo la mwisho kwenye waraka ni la vipuri. Tyubu ya kawaida inayopokea mwanga haioni vizuri kupita nanomita 625. Vipimo vya rangi nyekundu huhitaji tyubu nyingine pamoja na kichujio chake. Mzee huandika kabati vilipo, taa za akiba zimebaki ngapi, na ipi kati yake ilishawahi kutumika.